Sura ya Saba: Nani Anaubeba Upepo?

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo iliingia katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikasonga mbele hadi Ziwa Kivu. Ilipopoa iliacha mwamba mweusi uliojaa vitundu, na ukingo wa kila kitundu ni mkali kiasi cha kuchubua goti la anayeanguka. Watu walijenga upya juu ya mwamba huohuo, na juu yake vijana wanacheza mpira hadi leo. Goma ni mfano mzito, ila hauko peke yake. Mashariki na kusini mwa Unguja udongo ni haba, na mwamba wa matumbawe unachomoza mahali ambapo timu ingependa pawe eneo la penalti. Mwanza na Singida viwanja vingi vya mtaa vimelala juu ya changarawe iliyomomonyoka kutoka kwenye miamba ya graniti. Kote huko kamati ya timu ikikaa kununua mpira, mjadala huanzia palepale: ngozi au raba? Nadai katika sura hii kwamba swali hilo linaulizwa mapema mno. Kabla ya kuuliza gamba limetengenezwa kwa kitu gani, inapaswa kuulizwa gamba hilo linafanya kazi gani: linazuia mawe tu, au pia ndilo linaloubeba upepo ulioshindiliwa ndani? Mipira mingi inayokufa mapema kwenye mawe hufa kwa sababu gamba lake limepewa kazi zote mbili.

Tuanze na jiwe, maana mawe hayaharibu mpira kwa namna moja. Wanajiolojia hupanga ugumu wa madini kwa ngazi kumi, kulingana na jinsi kila moja linavyoweza kulikwaruza jingine. Madini makuu ya mwamba wa matumbawe yako karibu na ngazi ya 3, ilhali kwatzi, zile chembe za kung'aa zinazobaki graniti inapooza, iko ngazi ya 7. Kwa ugumu, basi, matumbawe ni jiwe laini, lakini umbo lake ni la meno na visu, kwa hiyo linakata. Changarawe ya graniti haina meno marefu, ila chembe zake ngumu zinasaga bila kuchoka. Lava ya Goma inafanya yote mawili. Jambo la pili ambalo watu hulisahau ni kwamba madhara makubwa hayatokei mpira unapodunda wima. Yanatokea unapotua kwa mshazari huku ukizunguka, gamba likaburuzwa juu ya jiwe kabla ya kuruka tena. Yanatokea pia mchezaji anapoutuliza kwa unyayo, kwa kuwa pale uzito wa mtu unalikandamiza gamba juu ya kokoto na kulisukuma mbele kidogo. Kundi la vijana ishirini wakifanya zoezi la kutuliza mpira kwa unyayo jioni nzima wanauchakaza mpira kuliko mechi mbili.

Sasa tuje kwenye upepo. Sheria ya pili ya soka inataka mpira wa namba 5 uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450, na presha kati ya 0.6 na 1.1 kwa kipimo cha angahewa. Namba hizo za presha zinaonekana ndogo, lakini hebu tuone zinamaanisha nini kwa gamba lenyewe. Nusu kipenyo cha mpira huo ni karibu sentimita 11. Hesabu ya kawaida ya chombo cha duara chenye upepo inatuambia kwamba, kwa presha ya 0.6, kila sentimita moja ya gamba inavutwa huku na huku kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3.4. Ukipampu hadi 1.1, nguvu hiyo inavuka kilo 6. Na hapo mpira umetulia kabatini, hakuna aliyeugusa. Mahali popote kwenye mpira lazima pawe na kitu kinachoshikilia mvutano huo usiku na mchana. Blada haiwezi, kwa kuwa yenyewe ni puto la raba ambalo lingevimba hadi lipasuke. Kwa hiyo kazi hiyo inaangukia kitu kingine, na mipira inatofautiana hasa katika kukichagua kitu hicho.

Katika mpira wa kushona, anayebeba ni gamba lenyewe. Umbo tulilozoea lina vipande 32, yaani 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita. Vipande hivyo vinakutana katika viungo 90, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita nne na nusu hivi, na ukiviunganisha vyote unapata karibu mita 4 za mshono. Kuna pia pembe 60 ambamo vipande vitatu vinakutana. Nyuma ya kila kipande kuna bitana, yaani matabaka ya kitambaa cha pamba au poliesta yaliyogandishwa kwa gundi, nayo ndiyo yanayokizuia kipande kisinyumbuke. Lakini mvutano wa kipande kimoja hauwezi kufika kwa jirani yake bila kupitia uzi. Mafundi wa Sialkot, mji wa Pakistan uliojijengea jina duniani kwa kushona mipira kwa mkono, hutumia uzi uliotiwa nta na sindano mbili zinazopishana katika tundu lilelile, na mshono wao ni mgumu kweli. Juu ya nyasi unaweza kukaa misimu. Juu ya mawe unakutana na adui ambaye hakufikiriwa.

Adui huyo ni kokoto ndogo na vumbi la chembe ngumu. Mfereji wa mshono unavipokea, na kila mpira unapobonyea na kurudi, chembe hizo zinausugua uzi kati ya kingo mbili za kipande. Wakati huohuo ncha za mawe zinachubua mabega ya kipande pale yanapoinamia mfereji. Dalili ya kwanza ni uzi kuonekana umechakaa na kupata manyoya katika moja ya zile pembe 60. Kisha mshono unafunguka kwa upana wa kucha, na vipande jirani vinaanza kubeba zaidi ya sehemu yao. Bitana inapata mwanya wa kunywa maji ya mvua na umande, mpira unaongezeka uzito na kuanza kuwa na umbo la yai. Hatimaye blada inachungulia nje, na jiwe linalofuata ndilo la mwisho. Ukiupasua mpira huo utakuta katikati ya vipande vingi bado kuna uhai. Umekufa kwa mita 4 za mshono, huku sehemu kubwa ya gamba lake, ambalo kwa jumla lina sentimita za mraba zipatazo 1,500, ikiwa haijafikia mwisho wake.

Hapa ndipo ngozi ya bandia inapostahili kuangaliwa yenyewe. Ngozi halisi ya ng'ombe iliachwa zamani katika mashindano makubwa: Kombe la Dunia la 1982 nchini Hispania lilikuwa la mwisho kuitumia, na mpira wa Azteca wa Mexico 1986 ukawa wa kwanza kuwa wa bandia mwote. Tunachokiita leo mpira wa ngozi ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na plastiki hiyo ni ya aina mbili kwa kawaida. Poliurethani, inayoandikwa PU kwenye boksi, ni laini mguuni na inarudi vizuri ikibonyezwa, lakini tabaka linalokutana na jiwe ni utando mwembamba. Ukishachubuka, kilicho chini yake ni sponji au kitambaa, na vitu hivyo havijui kupambana na jiwe. Tena aina nyingi za PU huharibiwa na unyevu ukishirikiana na joto, kiasi kwamba utando unaanza kubanduka vipande vipande hata kama mpira haukuchezwa. Watu wa pwani wameona hilo kwenye makochi na mikoba. Aina ya pili ni PVC, ambayo ni nzito zaidi, ngumu zaidi na ya bei nafuu. Inastahimili kukwaruzwa kwa muda mrefu kidogo, lakini ulaini wake unatokana na kemikali iliyochanganywa ndani, na jua huiondoa kemikali hiyo pole pole. Gamba linakakamaa, kisha linapata nyufa pale linapokunjwa zaidi, yaani kando ya mishono. Kwa hiyo kumwambia mnunuzi achague kati ya PU na PVC katika mpira wa kushona ni kumpa uchaguzi wa ngozi ipi itatangulia kuchakaa, huku uzi ukiwa uleule.

Mpira wa kalibu umejengwa kwa wazo tofauti. Blada inajazwa upepo kiasi, kisha mashine inaizungushia uzi wa nailoni kila upande, mamia kwa mamia ya mita, hadi inafunikwa yote. Juu ya nyuzi hizo huwekwa raba mbichi, na kitu kizima kinaingizwa katika kalibu ya chuma yenye joto. Ndani ya raba hiyo kuna salfa, na joto linaifanya salfa iunganishe nyuzinyuzi za raba hadi isiweze tena kuyeyuka wala kunata. Charles Goodyear aligundua njia hiyo mwaka 1839, na tairi zote zinaitegemea. Kinachotoka kwenye kalibu ni mpira ambao mvutano wake unabebwa na nailoni, na gamba la nje halina deni lolote kwa upepo. Ni kama tairi ya baiskeli: nyuzi za ndani ndizo zinazoshikilia, na raba ya nje ipo ili iliwe na barabara. Raba ya namna hii ikichubuka mahali, mpira haubadiliki umbo, hauvuji na haufunguki. Unachakaa tu. Tofauti kati ya kuchakaa na kufunguka ndiyo hoja yangu yote katika sura hii.

Raba yenyewe ina sifa nyingine inayoifaa kokoto. Ncha ya jiwe inapoikandamiza, inabonyea na kurudi bila kukatika, ilhali utando mgumu wa plastiki unakwaruzika. Hata hivyo si kila raba ni raba. Tairi huongezewa masizi laini yanayoiimarisha sana, na ndiyo sababu ni nyeusi. Mpira mweupe au wa rangi hauwezi kutumia masizi, kwa hiyo mtengenezaji mwaminifu hutumia silika, na asiye mwaminifu huongeza chaki kwa wingi ili kupunguza raba. Mipira mingi husafirishwa bila upepo, jambo linalomsaidia mnunuzi: akunje gamba kwa nguvu kati ya vidole. Mkunjo ukibaki na mstari mweupe, au kucha ikiacha unga, chaki imezidi na mpira huo utamegeka mapema kwenye mawe.

Kuna pia mpira wa kalibu ambao juu ya nailoni na raba nyembamba hubandikwa vipande vya PU kwa gundi. Unapendeza, unateleza vizuri mguuni, na kwa ujenzi ni ndugu wa mpira wa kikapu. Kwenye kiwanja cha mawe, hata hivyo, unarudisha tatizo kwa mlango mwingine: jiwe linapata ukingo wa kipande, linauinua, vumbi linaingia chini yake, na gundi haishiki vumbi. Kipande kimoja kikibanduka, mpira bado unashika upepo, jambo ambalo ni afadhali kuliko mpira wa kushona, lakini unaruka ovyo. Hapa ni lazima mnunuzi awe macho, kwa sababu mipira mingi ya raba imechorwa mifereji ya vipande 32 ili ifanane na ya kushona. Ukipitisha ukucha ndani ya mfereji unajua mara moja. Wa kushona unaachia kidogo na uzi unaonekana. Wa vipande vilivyobandikwa una ukingo unaoshika ukucha. Wa raba tupu ni mfereji wa raba moja, hauna mwanzo wala mwisho, na huo ndio ninaoutetea.

Tujaribu hesabu, kwa timu ya kufikirika ya kata moja ya Goma inayofanya mazoezi jioni tano kwa wiki, saa mbili kila jioni. Namba ninazotumia ni za kukisia, na kila kamati iweke zake. Tuseme mpira wa kushona unauzwa dola 18 na unadumu wiki 8 kabla mishono haijafunguka. Fundi viatu anaushona mara mbili kwa dola 2 kila mara, na unasogea hadi wiki ya 14. Timu imetumia dola 22, yaani dola 1.57 kwa wiki. Tuseme mpira wa raba wa kalibu ni dola 10 na unadumu wiki 16. Hiyo ni senti 63 kwa wiki. Mtu akiona nimeupendelea mpira wa raba, aukate umri wake nusu, uwe wiki 8: bado ni dola 1.25, chini ya ule wa kushona. Tugeuze hesabu upande wa pili. Ili mpira wa kushona ulingane na ule wa raba wa wiki 16, ungehitaji kudumu wiki 35 pamoja na matengenezo yake yote. Katika nyasi hilo linawezekana. Kwenye lava sioni uzi utakaofika huko.

Pingamizi la kwanza, na zito zaidi, linatoka kwa makocha. Wanasema mpira wa raba ni mgumu kichwani, unadunda juu mno, na kijana anayeuzoea anashindwa kuutuliza mpira wa mechi. Sehemu ya malalamiko hayo ni kweli, lakini sehemu kubwa inatokana na pampu. Mpira unaodunda juu mno mara nyingi umejazwa kupita kiasi, na kipimo cha kulijua hilo kipo. Katika majaribio ya FIFA, mpira huangushwa kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma, na unaotakiwa kupata alama ya FIFA Quality unapaswa kuruka kati ya sentimita 125 na 155. Kamati inaweza kuuangusha wake kutoka mita 2 juu ya sakafu ya saruji kando ya ukuta uliochorwa mistari miwili. Ukivuka mstari wa juu, utoe upepo kidogo na ujaribu tena. Presha ya 0.6 au 0.7 imo ndani ya sheria, inapunguza mdundo na ugumu kichwani, na kwenye mpira wowote inapunguza mvutano kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na 1.1. Kinachobaki baada ya hapo ni tofauti ya kweli ya mguso, nayo naikubali. Jibu lake ni kuuweka mpira mmoja wa kushona kwa ajili ya zoezi la mwisho kabla ya mechi na kwa mechi yenyewe. Mazoezi ya vichwa yafanywe kwa mpira huo, na kwa watoto wadogo yaachwe kabisa.

Pingamizi la pili ni la heshima: kwamba mpira usioshonwa ni wa watoto, na timu ya ndondo ikitokea nao itachekwa. Anayesema hivyo ajue kwamba tangu Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani, mpira wa Teamgeist ulipoingia na vipande 14 vilivyounganishwa kwa joto, mipira ya fainali hizo haijashonwa kwa uzi. Wakubwa wenyewe wameuacha mshono. Hawakuuacha kwa ajili ya mawe, bali kwa ajili ya maji na uduara, lakini wameuacha.

Pingamizi la tatu linafanana na busara: nunua mpira wa bei ya juu wenye alama ya FIFA, nao utadumu. Alama hiyo ina maana, ila si maana hiyo. Vipimo vyake ni saba: mzingo, uduara, mdundo, unywaji wa maji, uzito, upotevu wa upepo, na kubaki na umbo. Katika kipimo cha mwisho mpira wa daraja la juu hurushwa mara 2,000 kwenye bamba la chuma kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Ni adhabu kali, lakini bamba lile ni laini usoni. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivyo saba kinacholiburuza gamba juu ya kokoto. Kwa hiyo mpira unaweza kufaulu vyote na bado ukawa na utando mwembamba utakaotoweka kwenye lava kwa wiki chache, bila mtengenezaji kuwa amedanganya mtu.

Pingamizi la nne ndilo linaloweka mpaka wa hoja yangu. Mpira wa kushona unatengenezeka. Fundi viatu anaufungua mshono, anatoa blada iliyotoboka, anaweka kiraka au blada nyingine, anashona. Mpira wa kalibu haufunguki. Blada yake imezikwa chini ya nailoni na raba, na valvu ikianza kuvuja mara nyingi ndio mwisho. Kwenye kiwanja chenye mawe matupu sifa hiyo ya mpira wa kushona haitoshi kuuokoa, kwa sababu kinachokufa ni mshono na kingo zake, na kila fundi anaporudia kushona analazimika kuingia ndani zaidi ya kipande kupata sehemu ngumu. Mpira unapungua na kupinda. Lakini kiwanja chenye miiba ni kesi nyingine. Mahali penye migunga, kama sehemu nyingi za Dodoma na Singida, mwiba hausagi wala haukati. Unapenya moja kwa moja, na nailoni haiuzuii kwa kuwa unapita katikati ya nyuzi. Hapo blada inayobadilishika ina thamani kubwa kuliko gamba lisilochakaa, na ningeshauri mpira wa kushona wa PVC nene pamoja na blada za akiba, au kuondokana na upepo kabisa.

Kuondokana na upepo kunawezekana. Mwaka 2010 Mmarekani Tim Jahnigen alizindua mpira uitwao One World Futbol, baada ya kuona habari za watoto wa Darfur wanaocheza na takataka zilizofungwa kamba. Umetengenezwa kwa sponji ngumu yenye vijumba vidogo vilivyofungwa, ya jamii moja na ile ya viatu vya kroksi, na umetolewa kwenye kalibu ukiwa kitu kimoja. Hauna blada wala uzi, na hauhitaji pampu. Mwiba ukipenya hakuna kinachotoka. Ukiutazama kwa swali la sura hii, umeondoa mzigo wenyewe badala ya kutafuta mbebaji. Bado siuweki mbele kwa timu inayojiandaa na mashindano. Mdundo na mguso wake uko mbali na mpira wa mechi kuliko hata raba ya kalibu, na presha yake haiwezi kurekebishwa. Kwa shule ya msingi au kambi ya wakimbizi isiyo na pampu wala fundi, unastahili kutangulia yote.

Mpira wa raba wa kalibu nao unataka kutunzwa, na adui yake mkubwa baada ya mwiba ni jua. Ukiuacha nje ukapata joto kutoka nyuzi 20 hadi 50, presha ya 0.8 inapanda karibu na 1.0 bila mtu kushika pampu, na jua lenyewe linaipasua raba nyufa ndogondogo. Sindano ya pampu ilowekwe kwa maji au glisirini kabla ya kuingizwa, kwa sababu sindano kavu huchana valvu, na valvu ndiyo sehemu isiyo na fundi. Chembe zilizokwama kwenye mifereji zioshwe kwa maji na brashi kila mwisho wa wiki. Nyuzi za nailoni zikianza kuonekana mahali, papigwe msasa na kubandikwa kiraka kwa solusheni ya fundi baiskeli siku hiyohiyo. Ikitokea nundu, nailoni imekatika chini yake, na kiraka hakisaidii tena: utolewe upepo na usichezewe, maana nundu itaendelea kukua hadi ipasuke.

Kwa hiyo ndugu wajumbe wa kamati, kabla hamjachangisha fedha za mpira mwingine, kusanyeni mipira yenu mitatu au minne iliyokufa, muikate kwa kisu mbele ya wachezaji, na muangalie kila mmoja umefia wapi. Mkikuta mishono iliyofunguka na vipande vizima, nunueni raba ya kalibu. Mkikuta matundu ya miiba kwenye blada, tafuteni fundi mzuri wa kushona na blada mbili za akiba.